Ngozi ya mkoba, ngozi ya mtu: kubadili rangi ya bidhaa moja kwenye picha ya katalogi

Mkoba wa kwanza niliobadili rangi kwenye picha uliniaibisha. Mama mwenye duka alisimama nyuma ya kiti changu pale steshenari, akaitazama skrini weee, kisha akasema, "Mkoba umependeza, mwanangu. Ila huyu binti anaumwa?"

Nilikuwa nimevuta rangi ya picha nzima kutoka chungwa kwenda kijani. Mkoba ulikubali, na mkono wa binti nao ukakubali. Midomo yake ilikuwa na rangi ya mtu aliyekunywa maji ya mwani.

Nilidhani tatizo ni papara yangu, kwamba nikivuta polepole, au nikichagua rangi ya chungwa peke yake, mkono utabaki salama. Haubaki. Kiswahili chetu kinaita vyote viwili ngozi, na kompyuta nayo inaviona hivyohivyo. Kila rangi kwenye picha unaweza kuipima kwa namba tatu: ina mwanga kiasi gani, imekolea kiasi gani, na jina lake ni nani, yaani nyekundu, chungwa, kijani na kadhalika. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, namba hizo zinasomeka kama L, C na h. Katika picha ninayoieleza hapa, mkoba ulisomeka L 55, C 62, h 53. Mkono wa binti ulisomeka L 37, C 25, h 54. Tazama hiyo h. Ngozi ya mtu mweusi ni rangi ya chungwa yenye mwanga mdogo, isiyokolea sana. Ukiiambia kompyuta ikusanye kila chenye jina la chungwa, inakusanya mkoba, mkono, shingo na midomo, na wala haijakosea.

Kwa hiyo mkoba hautengwi na mkono kwa rangi. Unatengwa kwa umbo, kwa maski iliyochorwa kwa mkono, yaani pazia linaloiambia kompyuta wapi iguse na wapi iache. Na vivuli vya mkoba havitunzwi kwa kupaka rangi mpya juu yake. Vinatunzwa kwa kugusa zile namba tatu moja baada ya nyingine.

Ninatumia GIMP 2.10 kwa sababu ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani. Mwenye Photoshop atakuta karibu kila kitu hapa kina ndugu yake kule, ingawa hesabu za ndani zinatofautiana kidogo, kwa hiyo namba zangu asizihamishe kama zilivyo.

Kazi yenyewe

Picha tuliipiga Mikindani, asubuhi, kwenye kivuli cha ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe uliopakwa chokaa. Binti amevaa gauni jeupe, ameushika mkoba kwa mkono wa kulia mbele ya paja. Mkoba ni wa ngozi, rangi ya chungwa, una bako ya shaba ya kufungia na nyuzi nyeupe pembeni. Siku ile kulikuwa na mkoba huo mmoja tu. Wiki iliyofuata basi kutoka Dar likaleta wa pili, wa kijani ya jani la mkorosho lililokomaa, na mama akataka binti yuleyule aonekane ameushika. Binti alikuwa ameshaondoka kwenda chuoni.

Kabla ya jambo lolote, omba faili halisi la kamera au simu. Picha iliyopita WhatsApp kama picha imebanwa, na ikibanwa kinachopotea kwanza ni uhalisi wa rangi. Mafaili mengi ya JPEG huhifadhi mwanga wa kila pikseli lakini rangi huigawana pikseli nne kwa pamoja, kwa hiyo chungwa ya mkoba inavuja pikseli moja au mbili na kuingia kwenye gauni na vidole. Ukiibana tena, uvujaji unapanuka. Mwambie mteja akutumie kama dokumenti.

Fungua picha, ihifadhi papo hapo kama `.xcf`, kisha nenda `Image > Precision > 16 bit integer`. Hii inazuia mkoba usitoke na mistari mistari pale kivuli kinapofifia taratibu.

Kwanza, jua unakokwenda

Wengi huchagua kijani kwa macho, ndipo mteja anapolalamika kuwa mkoba aliouona kwenye simu sio aliouletewa. Mimi ninapima. Mkoba wa kijani niliupeleka kwenye kivuli cha nje, si chini ya taa ya duka, nikaulaza kando ya karatasi nyeupe ya A4 na kuupiga picha kwa simu. Na siku ya kupiga picha na mtu huwa nachukua picha moja ya ziada, binti ameshika karatasi hiyohiyo karibu na bidhaa. Karatasi ndiyo mizani yetu.

Chukua `Color Picker Tool` kwa kubonyeza herufi O. Washa `Sample average` ili isome eneo na sio pikseli moja, washa `Sample merged` ili isome kile unachokiona machoni na sio leya, yaani tabaka la picha, uliyosimama juu yake, na washa dirisha la taarifa. Humo ndani badilisha kipimo kiwe `CIE LCH`. Ukisahau `Sample merged`, kazi yote itakayofuata utakuwa unasoma namba za leya moja huku ukishangaa mbona hazibadiliki. Mimi nilipoteza jioni nzima hivyo.

Karatasi ya Mikindani ilisomeka L 93. Ile ya picha ya simu ilisomeka 88, maana yake picha ya simu ilikuwa na giza kidogo. Nikaipandisha kwa `Colors > Exposure`, kiasi cha 0.2, mpaka karatasi zote mbili zikasoma sawa. Angalia pia C ya karatasi: ikizidi 3 au 4, mwanga wa picha hiyo una rangi yake, urekebishe kwanza. Baada ya hapo mkoba wa kijani, pale ulipo bapa na haung'ai, ulisomeka L 34, C 31, h 154. Kwa namba ya skrini hiyo ni karibu sana na `#1f5c3a`.

Sasa safari inajulikana: mwanga kutoka 55 hadi 34, kukolea kutoka 62 hadi 31, jina kutoka 53 hadi 154.

Maski

Hapa ndipo muda unapokwenda, na huwa sikubali kazi hii kwa bei ya dakika kumi. Chukua `Paths Tool` kwa herufi B, zoomu hadi asilimia 200, na uzungushe mkoba kwa nukta chache unazozivuta kuwa mikunjo. Nukta nyingi hutoa ukingo wenye meno. Ukifunga mzunguko, bonyeza Enter uwe uteuzi. Kisha chora kwa path vitu vya kutoa: vidole vinavyoushika mpini, uwazi kati ya mpini na mkono ambapo gauni linaonekana, bako, na mkanda wa nyuzi kama nyuzi zake hazibadiliki rangi. Kila kimoja kitoe kwa kushika Ctrl unapobonyeza Enter. Malizia kwa `Select > Feather`, pikseli 1 tu, halafu `Select > Save to Channel`, na uhifadhi faili, ili usirudie uchungu huu umeme ukikatika.

Ukingo haushughulikiwi sawa pande zote. Mkoba unapopakana na gauni jeupe, peleka maski mpaka ukingoni kabisa, kwa sababu uzi wa chungwa uliobaki kati ya kijani na nyeupe unaonekana hata kwenye simu ndogo. Mkoba unapopakana na kidole, irudishe maski ndani ya mkoba pikseli moja. Uzi mwembamba wa chungwa kando ya kidole cha kahawia hauonekani kabisa, macho yanauhesabu kuwa ni sehemu ya kidole. Lakini uzi wa kijani juu ya kidole, hasa chini ya kucha, unaonekana kama uchafu.

Kundi la leya

Rudufu picha mara moja. Tengeneza kundi kwa `Layer > New Layer Group`, buruta nakala uitie ndani, na uhakikishe `Mode` ya kundi ni `Normal`, siyo `Pass through`. Kisha, uteuzi ukiwa bado upo, bonyeza kulia juu ya kundi, chagua `Add Layer Mask`, na chini yake chagua `Selection`. Picha halisi inabaki chini, nje ya kundi, na hatuigusi tena. Chochote utakachofanya ndani ya kundi hakitoki nje ya maski. Mkono wa binti uko salama kwa sababu hiyo moja, wala si kwa sababu ya uangalifu wako.

Sasa `Select > None`. Usiruke hapa. Uteuzi ukibaki umewashwa, marekebisho ya mwanga yatafanyika ndani yake tu. Baadaye ukiipanua maski kidogo kwa brashi, kitakachofunuliwa pembeni ni chungwa ya zamani, na utajiuliza imetoka wapi.

Jina la rangi

Ndani ya kundi, juu ya nakala, weka leya mpya iliyojazwa `#1f5c3a`. Badilisha `Mode` yake iwe `LCh Hue`.

Watu wengi wanachagua `LCh Color` au `HSL Color`, na mimi nilikuwa mmoja wao. Hizo zinachukua jina pamoja na kukolea kutoka kwenye leya ya juu na kuacha mwanga tu wa chini. Matokeo yake kila sehemu ya mkoba inakolea sawa: mkunjo wenye giza, bapa la katikati, na hata pale ngozi inapong'aa. Vitu halisi haviko hivyo. Kwenye kivuli rangi hufifia pamoja na mwanga, na kwenye mng'ao rangi karibu hupotea kabisa, kwa sababu mng'ao ni mwanga wa mbinguni unaorudi kutoka juu ya ngozi bila kuingia ndani kuchukua rangi yake. Ukitumia `LCh Color` mkoba unageuka plastiki. Ukitaka kuona, badilisha hiyo `Mode` mara mbili tatu huku ukitazama mkunjo wa chini ya mpini.

`LCh Hue` inabadilisha jina peke yake. Kukolea kunabaki kule kulikokuwa kwenye chungwa: kudogo kwenye mng'ao, kumepungua kivulini. Kwa sasa mkoba utaonekana kijani kali mno, kama kifuniko cha ndoo. Usishtuke, ni jina tu lililobadilika.

Njia hii ina sharti: mkoba wa mwanzo uwe na rangi. Mkoba mweusi au mweupe hauna kukolea kwa kuazima, kwa hiyo `LCh Hue` juu yake haifanyi kitu cha maana.

Mwanga, kisha kukolea

Simama kwenye nakala ya picha ndani ya kundi, siyo kwenye leya ya kijani. Fungua `Colors > Exposure`.

Kwa nini `Exposure` na sio `Curves`, au ile ya kupunguza mwanga kwa `Brightness`? Fikiria ngozi yenyewe. Ngozi ya chungwa ilikuwa inarudisha sehemu fulani ya mwanga unaoiangukia. Ngozi ya kijani nzito inarudisha sehemu ndogo zaidi. Kama kivulini mwanga unaoingia ni robo ya ule wa nje, basi kivulini mkoba wowote utakuwa robo ya ulivyo nje, uwe wa chungwa au wa kijani. Uwiano haubadiliki. `Exposure` inazidisha mwanga wote kwa namba moja, kwa hiyo uwiano wa kivuli na nuru unabaki ulivyopigwa. `Curves` ukiivuta kwa macho unaubadilisha uwiano huo bila kujua, na mkoba unaonekana umepigwa picha siku nyingine na kubandikwa.

Kutoka L 55 hadi L 34 ni kushuka kwa -1.5 kwenye `Exposure`. Ninaandika -1.5, ninabonyeza sawa, ninapima tena palepale bapa. Ilisomeka 34. Ikitofautiana na moja au mbili, ongeza au punguza kwa 0.1.

Kushusha mwanga kunapunguza pia kukolea, hapa kutoka 62 hadi kama 44. Tunataka 31. Fungua `Colors > Saturation` na uweke 0.7. Hii nayo inazidisha, kwa hiyo sehemu zilizofifia zinabaki zimefifia kwa uwiano uleule. Pima kwa mara ya mwisho. Ukiwa ndani ya namba 2 kwa L na C, na namba 5 kwa h, acha. Ukiendelea kusaka usawa kamili utapoteza muda, kwani simu mbili za wateja wawili zitatofautiana zaidi ya hapo.

Kwenye GIMP 2.10 mabadiliko haya yanaingia kwenye leya moja kwa moja, kwa hiyo weka nakala ya akiba kabla. Kwenye GIMP 3.0, iliyotoka 2025, `Exposure` na `Saturation` zinabaki juu ya leya kama kitu unachoweza kukifungua tena na kubadilisha namba.

Kurudisha mng'ao

Sasa mkoba una rangi sahihi, lakini umekuwa kama kitambaa. Sababu ni kwamba `Exposure` imeshusha kila kitu, pamoja na mng'ao. Na mng'ao, kama nilivyosema, haupiti kwenye rangi ya ngozi, kwa hiyo mkoba wa kijani chini ya mwanga uleule ungekuwa na mng'ao karibu uleule wa mkoba wa chungwa.

Rudufu picha halisi ya chini kabisa, buruta nakala hiyo ndani ya kundi juu ya vyote. Iondoe rangi kwa `Colors > Desaturate > Desaturate`. Fungua `Colors > Levels`, vuta kile kipembe cheusi cha kushoto kwenda kulia mpaka mkoba wote uwe mweusi isipokuwa michirizi ya mng'ao. Kwangu kiliishia kama theluthi mbili ya njia kutoka kushoto. Badilisha `Mode` iwe `Screen`: cheusi hakiongezi kitu, mng'ao unaongezeka. `Opacity` nikaiacha 70, kwa sababu kwa 100 mkunjo wa kona ulianza kuonekana umelowa. Huu ni uamuzi wa jicho. Mkoba wa kijani ulikuwa mezani mbele yangu, nikaugeuza kwenye mwanga wa dirisha na kulinganisha.

Chungwa iliyoruka nje

Ukifika hapa unadhani umemaliza. Funga jicho moja, tazama gauni upande wa kushoto wa mkoba, kwenye kivuli. Lina wekundu wa chungwa. Mkoba ule ulikuwa unarusha rangi yake juu ya kitambaa cheupe, kama ndoo nyekundu inavyouwekundua ukuta. Mkoba umekuwa kijani lakini ukuta bado unakumbuka ndoo. Mtazamaji hatakuambia kosa liko wapi, atasema tu picha "ina kitu".

Tengeneza leya tupu nje ya kundi, chini yake, juu ya picha halisi. `Mode` iwe `LCh Color`. Hapa inafaa, kwa sababu gauni ni jeupe na tunataka kuondoa rangi bila kugusa mwanga. Kwa `Color Picker` chukua rangi ya kivuli cha gauni mbali na mkoba, kwenye mkunjo wa upande wa pili. Chukua brashi laini, pana, `Opacity` asilimia 20, na upake taratibu palipo na wekundu, ukipita mara mbili tatu. Kivuli chenyewe, giza lile la mkoba juu ya gauni, hakitabadilika.

Je, urushe kijani mahali pake? Mimi sirushi. Mkoba wa L 34 unarudisha mwanga kama theluthi ya ule wa L 55, na tena haujakolea sana, kwa hiyo kijani chake juu ya gauni kingekuwa kidogo mno kuonekana. Ingekuwa kijani ya limau, hapo ningepaka kidogo.

Kwenye mkono usifanye hivi. Upande wa ndani wa kidole gumba nao una chungwa iliyorushwa na mkoba, lakini kwenye ngozi ya kahawia hiyo inaonekana kama joto la damu. Niliwahi kuiondoa kwa bidii zote, na mkono ukatoka wa majivu, kama wa mtu aliyekosa mafuta msimu wa kusi. Kuacha kosa dogo lisiloonekana ni afadhali kuliko kusahihisha mpaka lionekane.

Kuhakikisha ngozi ya mtu haikuguswa

Usiamini macho, yameshachoka na kijani. Nenda `Layer > New from Visible`, kisha weka leya hiyo juu kabisa na uibadilishe `Mode` iwe `Difference`. Zima kundi na leya ya gauni, ili chini yake ibaki picha halisi peke yake. Pote palipo sawasawa na picha ya mwanzo patakuwa peusi tii. Mkoba utang'aa, na lile eneo la gauni litaonekana kwa mbali.

Weusi wa kawaida unaweza kuficha tofauti ndogo, kwa hiyo chukua `New from Visible` nyingine, hakikisha `Mode` yake ni `Normal`, fungua `Colors > Threshold` na uvute kizuizi karibu kabisa na kushoto. Sasa kila kilichoguswa, hata kidogo, kinakuwa cheupe. Kwangu vilitokea vitone vyeupe kwenye kidole cha kati: maski ilikuwa imepanda juu ya kucha pikseli tatu. Nikafuta leya hizo mbili za ukaguzi, nikawasha kundi na leya ya gauni, nikasimama kwenye maski ya kundi na kupaka nyeusi kwa brashi ndogo palepale. Uso, shingo na mkono mwingine vilikuwa vyeusi bila kitone.

Unapotoa faili kwa `File > Export As` kama JPEG, fungua sehemu ya `Advanced Options` na kwenye `Subsampling` chagua 4:4:4, ubora 90. Ukiacha pikseli zigawane rangi kama kawaida, kijani chako kitavuja kwenye vidole mlangoni kabisa, baada ya kazi yote hiyo.

Mkoba wa maziwa

Mama alipoona wa kijani akafurahi, akatoa wa tatu kwenye mfuko: rangi ya maziwa. "Na huu vilevile, mwanangu. Kompyuta si imeshajua?"

Nilijaribu, kwa sababu msimu wa korosho ulikuwa unakaribia na alitaka katalogi iwe kwenye magrupu ya wateja kabla watu hawajaanza kushika hela. Maziwa ilisomeka L 88. Kutoka 55 kwenda huko ni `Exposure` ya zaidi ya 1.6, na kwa kiasi hicho zile chenga zilizojificha kwenye mikunjo zilipanda pamoja na mwanga, mkoba ukawa kama umenyunyiziwa mchanga. Pale kwenye mng'ao kukawa kweupe tupu, bila alama ya ngozi. Hayo mtu anaweza kuhangaika nayo. Lililonishinda ni mikunjo. Kwenye mkoba mweupe, mwanga unaoingia kwenye mkunjo unadunda kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kwa hiyo mkunjo halisi wa maziwa huwa na mwanga na joto. Mkoba wa chungwa ulikuwa umeumeza mwanga huo kabla haujadunda mara mbili. Ule uwiano nilioutunza kwa makini kwenye kijani sasa ndio uliokuwa uongo: mkoba wa maziwa ulionekana mchafu kila penye mshono.

Siku hizi kabla ya kupiga picha ninauliza rangi zote zitakazouzwa, na ninaomba iletwe yenye rangi inayoonekana wazi na mwanga wa wastani, kisha nashuka kwenda kwenye nzito. Nyeupe na maziwa ninazipiga peke yake. Nilimweleza mama, akaguna, akauliza itagharimu shilingi ngapi tena. Jumamosi, saa mbili asubuhi, tukarudi kwenye ukuta uleule wa Mikindani na binti mwingine, karatasi ya A4 mkononi.